Kichwa Kwanza, Picha Baadaye

Sinia la wali wa nazi limepigwa picha vizuri kando ya dirisha, kila punje inaonekana. Ijumaa jioni mwenye blogu anaandika kichwa cha makala juu yake kwa herufi nyeupe, na maneno yanazama kwenye mchele. Anayasogeza kushoto, yanagonga ukingo wa sinia. Anayapeleka juu, yanaangukia kwenye mistari ya mkeka wa ukili. Mwishowe anatandaza kivuli cheusi juu ya picha nzima; kichwa sasa kinasomeka, lakini wali umegeuka kijivu. Wiki inayofuata ni zamu ya samaki, na kazi inaanza upya kwa rangi nyingine na mwandiko mwingine. Mwezi ukiisha, ukurasa wake unafanana na kazi ya watu wanane wasiojuana.

Tatizo hapo ni mpangilio wa kazi. Picha ilipigwa kwanza, kisha kichwa kikatafutiwa pa kukaa. Mchoraji wa kanga hafanyi hivyo. Kabla ya kuchagua maua au mikorosho, tayari anajua kanga yake itakuwa na pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina ndani ya kisanduku chake upande wa chini wa mji. Maua hubadilika, rangi hubadilika, maneno hubadilika, lakini mtu akiiona kwenye kamba ya kuanikia nguo anajua hiyo ni kanga. Picha za blogu za mwezi mzima zinaweza kupangwa kwa utaratibu huohuo.

Chukua mfano wa blogu ya mapishi ya pwani inayotoa makala mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Kwa wiki nne hizo ni makala nane, na kila moja inahitaji picha ya juu. Tuseme makala za Ijumaa zinapelekwa pia Instagram kama mfululizo wa slaidi sita ambazo msomaji huzipitia kwa kutelezesha kidole. Hizo ni picha 8 za juu na slaidi 24, jumla picha 32. Anayezitengeneza moja moja kila siku ya kuchapisha atakuwa na maamuzi mengi ya kurudia. Anayezipanga pamoja hufanya maamuzi makubwa mara moja tu.

Hatua ya kwanza haihitaji kamera. Ni kuandika vichwa vyote vinane kwenye karatasi moja, kila kimoja na tarehe yake: Wali wa nazi usioshikana, Samaki wa kupaka, Mchuzi wa pweza, Mahamri yasiyonyonya mafuta, na vinginevyo. Baada ya hapo linatafutwa neno refu kuliko yote. Katika orodha hii ni "yasiyonyonya", lenye herufi 12, na ndilo litakaloamua ukubwa wa maandishi ya mwezi mzima. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja, kwa hiyo kiolezo kilichochorwa kwa vichwa vya maneno mafupi hupasuka mara kinapokutana na neno kama hilo: ama neno linakatwa katikati, ama programu inalipunguza peke yake na kichwa hicho kinatoka kidogo kuliko vingine.

Hesabu yake ni nyepesi. Picha ya juu ya blogu, ambayo pia ndiyo huonekana kiungo kinapotumwa Facebook au WhatsApp, kwa kawaida hutengenezwa kwa upana wa pikseli 1200 na kimo cha 630. Kwenye simu picha hiyo hubanwa hadi kama theluthi ya upana wake. Herufi ya pikseli 60 inaonekana kama ya 18 au 20, yaani sawa na maandishi ya kawaida ya simu. Ikiwa ndogo zaidi ya hapo, msomaji atakunja macho. Kwa hiyo blogu yetu inachagua herufi nene za pikseli 64. Kila herufi itakula upana wa pikseli 35 hivi, na neno "yasiyonyonya" litachukua kama 420. Kisanduku cha upana wa 600, kikiachiwa nafasi ya 30 kila upande wa ndani, kinalimeza bila shida. Laiti herufi zingekuwa za pikseli 100, neno hilo peke yake lingefika 660 na kutoboa ukuta.

Kimo cha kisanduku nacho hupimwa kwa kichwa kirefu. "Mahamri yasiyonyonya mafuta" kinakaa mistari mitatu, na mistari mitatu pamoja na nafasi yake inataka pikseli 260. Kichwa kifupi kama "Mchuzi wa pweza" kitaacha nafasi juu na chini, na hilo halina ubaya. Kisanduku hakipunguzwi kwa ajili yake.

Kwa nini kisanduku kikae katikati, upande wa chini, na si pembeni? Kwa sababu picha haionekani nzima kila mahali. WhatsApp, kwa mfano, wakati mwingine huonyesha kipande cha mraba tu kutoka katikati. Kwenye picha ya 1200 kwa 630, mraba huo una pikseli 630 kila upande, na pikseli 285 za kushoto na za kulia hupotea. Kichwa kilichopangwa kushoto kitabaki nusu neno. Kisanduku cha 600 kilichokaa katikati kinapona kizima.

Rangi zinatosha tatu. Blogu yetu inachukua kijani iliyokolea, #0F4C4A, krimu, #FAF3E3, na manjano ya binzari, #E0A526. Kanuni za kimataifa za usomekaji wa kurasa za mtandao, zinazojulikana kama WCAG, zinataka utofauti wa mwanga kati ya maandishi makubwa na usuli wake usipungue 3 kwa 1, na kwa maandishi madogo 4.5 kwa 1. Krimu juu ya kijani ile inavuka 8 kwa 1. Nyeupe juu ya manjano ya binzari inaishia 2.2 tu, ingawa kwenye kompyuta inapendeza. Mtu anayesoma simu juani hataona kitu. Kwa hiyo manjano inabaki kuwa rangi ya mstari mwembamba wa pembeni, na maandishi hayapandi juu yake. Jumanne kisanduku ni cha kijani chenye maandishi ya krimu, Ijumaa ni cha krimu chenye maandishi ya kijani. Mabadiliko hayo yanatosha kuufanya ukurasa usichoshe macho.

Baada ya vipimo hivyo ndipo kamera inatoka. Mpiga picha sasa anajua kwamba sehemu ya chini ya kila picha itafunikwa, hivyo chakula anakiweka nusu ya juu na chini anaacha kitambaa kitupu. Kila chakula kinapigwa mara mbili, simu ikiwa imelazwa kwa picha ya blogu na ikiwa imesimama kwa slaidi, kwa sababu picha pana ikilazimishwa kuwa ndefu itakata sinia pande zote mbili. Kitambaa kisicho na maua kinafaa kuliko mkeka wenye mistari, maana mistari hushindana na herufi hata zikiwa ndani ya kisanduku.

Mwanga ndio huvunja umoja upesi zaidi. Wali uliopigwa asubuhi kando ya dirisha una weupe wa samawati kidogo. Ukipigwa usiku chini ya taa ya umanjano unatoka kama pilau. Picha hizo mbili zikikaa jirani, hakuna kiolezo kitakachozifananisha. Ni afadhali vyakula vya wiki mbili vipikwe na kupigwa siku moja, dirisha lilelile, saa zilezile, taa za ndani zikiwa zimezimwa. Simu nyingi huruhusu kubonyeza kidole kwa muda juu ya chakula ili kufunga mwanga na umakini wa lenzi, zisibadilike kati ya picha na picha.

Slaidi za Instagram zinatengenezwa kwa upana wa 1080 na kimo cha 1350. Slaidi ya kwanza ndiyo huamua umbo la zote zinazofuata, kwa hiyo haifai kuchanganya ndefu na za mraba. Ina kisanduku kilekile, fonti ileile, mahali palepale. Tangu mwanzoni mwa 2025 ukurasa wa wasifu wa Instagram huonyesha picha ndogo za uwiano wa 3 kwa 4, na slaidi ya ukubwa huu hukatwa kama pikseli 34 kila upande. Ukiachwa ukingo wa 80 pande zote, hakuna neno litakaloguswa. Kona ya juu kulia nayo huachwa wazi, kwa sababu hapo ndipo programu huandika namba ya slaidi.

Mahamri yanaonyesha jinsi slaidi sita zinavyogawana kazi. Ya kwanza ni kichwa na sahani ya mahamri. Ya pili inaonyesha donge lililoumuka, ya tatu unga uliosukumwa na unene wake. Ya nne ndiyo kiini cha makala: kipande kidogo cha unga kinachoelea katikati ya mapovu, dalili kwamba mafuta yamepata moto, kwa kuwa andazi linalotiwa kwenye mafuta ya uvuguvugu hunyonya kabla ya kujifunga nje. Ya tano ni mahamri yakigeuzwa, na ya sita ni vipimo vya unga, sukari, tui na hamira bila picha yoyote. Kila slaidi ya kati ina sentensi moja. Maelezo yakihitaji sentensi ya pili, yanarudi kwenye makala yenyewe.

Kabla ya kupanga tarehe za kuchapisha, picha zote 32 huwekwa pamoja kwenye skrini moja na kupunguzwa hadi upana wa kidole gumba. Kichwa kisichosomeka hapo kitashindwa pia kwenye simu. Kisha zinageuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Kisanduku kikiyeyuka ndani ya picha, tofauti iliyoonekana ilikuwa ya rangi tu, si ya mwanga, na picha hiyo inahitaji kitambaa cheusi zaidi au kisanduku cha rangi ya pili. Jambo la tatu ni maelezo ya maandishi ya kila picha, kwa sababu msomaji asiyeona hutegemea programu inayosoma maandishi, na nyingi haziyasomi maneno yaliyochorwa ndani ya picha. Kwa sababu hiyohiyo kichwa cha makala huandikwa pia kama maandishi ya kawaida juu ya ukurasa.

Mpango huu una mpaka wake. Hauwezi kubashiri wiki ambayo pweza atakosekana sokoni au mwezi wa Ramadhani utakapoandama mapema kuliko makala zilivyopangwa. Dawa yake ni kupiga picha mbili za akiba siku ileile ya kazi, kitambaa kilekile, zenye vitu visivyofungwa na tarehe: kikombe cha chai ya tangawizi, kwa mfano, na kifuu cha nazi kando ya mbuzi. Zinahifadhiwa ndani ya kiolezo kisanduku kikiwa kitupu, na kichwa kipya kikipatikana kinaandikwa humo, mradi neno lake refu lisizidi herufi 15.