Fahamu: Mapango ya Spelunky hubadilika bila kumwonea mchezaji

Katika Spelunky, gemu ya Derek Yu ya mwaka 2008, pango hupangwa upya kila unapoanza, lakini si ovyo. Kila hatua ya kawaida ina vyumba 16, vinne kwa vinne. Njia huchorwa kwanza, kuanzia safu ya juu. Namba ya nasibu huamua: 1 au 2 kushoto, 3 au 4 kulia, 5 chini; njia ikifika ukingoni, hushuka. Panaposhuka, chumba cha juu huachwa wazi chini na kinachofuata huachwa wazi juu. Hivyo mlango wa kutokea hufikika bila bomu wala kamba.

Vyumba vyenyewe hutokana na violezo vilivyobuniwa na mtu; bahati hubadilisha vipande tu. Hilo ndilo ninaloliona kuwa la thamani zaidi: mtego uliokuua jana utautambua leo, ingawa umehamia kwingine.