Mambo mawili tu: kocha aseme nini wakati wa mapumziko

Jumanne ya Novemba 22, 2022, saa 7 mchana, Argentina ilishuka katika uwanja wa Lusail, Qatar, kucheza na Saudi Arabia mechi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia. Ilikuwa imecheza mechi 36 bila kufungwa. Dakika ya 10 Lionel Messi akafunga kwa penalti, na kabla ya mapumziko Waargentina wakatikisa nyavu mara nyingine tatu. Mabao yote matatu yakakataliwa kwa kuotea. Kwa aliyekuwa akitazama, ubao ulisomeka 1-0 lakini mechi ilionekana kama 4-0.

Dakika nane baada ya kipindi cha pili kuanza, Saudi Arabia ilikuwa inaongoza 2-1, na hivyo ndivyo mechi ilivyokwisha. Katikati ya hali hizo mbili kulikuwa na mazungumzo mafupi ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Video yake ilisambaa baadaye dunia nzima. Wengi waliitazama kwa sababu ya ukali wa kocha. Mimi naona somo lake kubwa liko kwingine: ndani ya makelele yale mlikuwa na maelekezo mawili ambayo mchezaji angeweza kutoka nayo mlangoni bila kuyasahau.

Kocha huyo ni Hervé Renard, Mfaransa ambaye mashabiki wa Afrika wanamfahamu vizuri. Ndiye aliyeipa Zambia Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012, kisha Ivory Coast mwaka 2015. Katika video anasimama mbele ya wachezaji na shati lake jeupe, anazungumza Kiingereza, na pembeni yake mkalimani anarudia kila sentensi kwa Kiarabu, naye kwa sauti ya juu. Fikiria hali hiyo. Kila neno linasemwa mara mbili, kwa hiyo muda wa kuzungumza unapungua nusu. Kocha wa namna hiyo hana nafasi ya kuhutubia. Lazima achague.

Jambo la kwanza alilochagua lilikuwa Messi. Aliwauliza wachezaji wake inakuwaje Messi apokee mpira katikati ya uwanja, nao wabaki wamesimama mbele ya mabeki wakimtazama. Akawaambia, kwa hasira, kama wanataka basi wachukue simu wakapige naye picha. Kejeli hiyo ndiyo iliyovuma, lakini hakuishia hapo. Aliwaonyesha la kufanya: mpira ukiwa katikati, mtu amfuate huyo na amkabe palepale, asingojwe.

Jambo la pili lilikuwa presha ya timu nzima. Aliuliza kama kweli huko ndiko kukaba walikokubaliana. Ili kuelewa kwa nini hilo lilimuuma, turudi kwenye yale mabao matatu yaliyokataliwa. Saudi Arabia ilipanga mabeki wake wasogee mbele sana, karibu na mstari wa katikati, ili washambuliaji wa Argentina wanase kwenye mtego wa kuotea. Mtego ulifanya kazi: Argentina iliotea mara 10 katika mechi nzima, na 7 kati ya hizo zilikuwa kipindi cha kwanza. Ila mtego wa aina hiyo una sharti moja. Mwenye mpira asipewe nafasi ya kuinua kichwa. Akiachwa huru sekunde mbili, ataangalia mshambuliaji anaanzaje mbio, atasubiri, kisha atapitisha pasi kwa wakati wake, na nyuma ya mabeki kuna nusu nzima ya uwanja isiyo na mtu. Kwa hiyo mambo mawili ya Renard yalikuwa yanashikana. Viungo wakimkaba Messi mapema, mabeki wanaweza kuendelea kusimama juu. Viungo wakirudi nyuma kumtazama, mabeki wamebaki uchi.

Hapo ndipo hisia zilipoingia, na ziliingia mahali pake. Renard aliwauliza kama hawahisi kwamba wanaweza kurudi mchezoni. Akawaambia wapinzani wao wanacheza kwa kujiachia, kisha akawakumbusha kwamba hili ni Kombe la Dunia na watoe kila walicho nacho. Hakuwadanganya kwamba wanacheza vizuri. Aliwapa kazi, halafu akawaambia anaamini wanaiweza. Kiungo Abdulelah Al-Malki alisema baada ya mechi kwamba maneno ya kocha yaliwafanya watake kula nyasi.

Dakika ya 48 mpira ulinyakuliwa katikati ya uwanja, ukafika kwa Saleh Al-Shehri, akamtoka beki Cristian Romero na kupiga shuti la chini la mguu wa kushoto lililompita kipa. Dakika ya 53 Salem Al-Dawsari aliutuliza mpira pembeni mwa eneo la hatari, akageuka, akajipa nafasi na kuupeleka kona ya mbali ya goli. Bao la pili lilitokana na kipaji cha mtu mmoja, na hakuna kocha anayeweza kulidai. La kwanza lilianzia palepale alipopataja.

Sasa tushuke kutoka Lusail mpaka kwenye viwanja vyetu, ambako hakuna chumba wala mkalimani. Timu inakaa chini ya mti, mashabiki wamesogea mpaka mgongoni mwa kocha, na kila mmoja ana ushauri wake. Sheria za soka zinasema mapumziko yasizidi dakika 15. Ukitoa muda wa kutembea kutoka uwanjani na wa kurudi, zinabaki kama 10. Dakika chache za mwanzo si za kuzungumza. Mchezaji aliyetoka kukimbia bado anahema, moyo unamwenda mbio, na wengine wanalaumiana. Waache wanywe maji, aliyeumia aangaliwe, na kocha asimame pembeni na msaidizi wake wachague. Nasema wachague kwa sababu kocha yeyote ameona makosa saba au manane kipindi cha kwanza. Akiyataja yote, mchezaji atabaki na la mwisho tu, au asibaki na lolote.

Tuchukue timu ya vijana iliyofungwa 1-0. Winga wa kushoto wa wapinzani, namba 11, amepiga krosi nyingi, na moja imezaa bao. Anapokea mpira, anageuka, na beki wetu wa kulia yuko hatua sita mbali naye. Kwa upande mwingine, beki wao wa kulia anapenda kupanda na harudi haraka, lakini vijana wetu wakinyang'anya mpira wanaubutua mbele katikati, anakosimama mshambuliaji mmoja kati ya mabeki wawili. Kocha anaweza kusema hivi:

"Vijana, nisikilizeni, nina mambo mawili tu. La kwanza, namba 11 wao. Mpira ukiwa bado unamwendea, namba 2 uwe umeshafika mgongoni kwake. Usimvamie, usilale chini. Asigeuke, basi. Namba 4, mwenzako akitoka, wewe sogea uzibe nyuma yake. Neno letu ni 'asigeuke'. La pili, tukinyang'anya mpira, pasi ya kwanza tunaangalia kushoto. Beki wao akipanda harudi, nimemtazama dakika 40. Namba 11 wetu, kaa pembeni kwenye chaki, usiingie kati. Neno letu ni 'kushoto'. Haya, tuambizane ukweli. Tumefungwa moja, na tumefungwa kwa kosa tunaloweza kulirekebisha. Wale wameshaanza kucheka, nimewaona. Mama zenu wako pale nje, wameacha kazi zao kuja kuwatazama. Sitaki mniahidi ushindi. Nataka kila mtu atoke uwanjani akiwa amechoka kwelikweli. Namba 2, tunasema nini?"

Hotuba hiyo haifiki dakika mbili. Kila agizo limesema lini, nani na afanye nini. "Kazeni" haisemi lolote kati ya hayo, ndiyo maana mchezaji anaitikia "sawa mwalimu" na kurudi kufanya yaleyale. Kila agizo pia lina neno moja ambalo kocha atalipigia kelele kutoka pembeni, na kipa atalirudia kutoka golini. Mpangilio nao una sababu. Kazi inatangulia wakati masikio yanasikia, hisia zinafuata, na mazungumzo yanafungwa na mchezaji akilitamka agizo kwa mdomo wake mwenyewe. Akijikanganya, hajaelewa, na bado kuna dakika moja ya kumrudishia.

Angalia pia yule namba 4. Kila marekebisho yana gharama yake, na kocha anayeficha gharama hiyo anajichimbia. Beki wa kulia akisogea kumbana winga, nyuma yake panabaki pengo, na mshambuliaji wao mjanja atalikimbilia. Kwa hiyo agizo la mtu mmoja lazima lifuatwe na la anayeziba pengo. Ikiwa beki wa kati ni mzito na hawezi kuwahi, agizo hilo halifai, na ni afadhali kumrudisha kiungo wa kulia asaidie.

Kosa linaloharibu mazungumzo haya mara nyingi zaidi ni hasira kumwangukia mtu mmoja. Renard alifoka, lakini alifokea kitendo kilichofanywa na kundi la viungo, na kila mmoja aliyekuwa mle ndani alijua ni kipi. Kocha anayemwambia kijana wa miaka 16 mbele ya wenzake kwamba bao ni lake, amempa kipindi cha pili cha kuogopa mpira. Utamjua: ataupasia nyuma hata akiwa huru, na ataacha kuomba pasi.

Kama ujumbe umefika, dakika tano za kwanza zitasema. Usitazame matokeo. Mtazame namba 2: mpira ukimwendea winga, anaanza kukimbia kabla haujafika au baada ya kufika? Tazama pasi ya kwanza baada ya kunyang'anya. Ikienda kushoto hata kama imepotea, wameelewa. Ikibutuliwa katikati tena, lipige kelele lile neno, usianze hotuba mpya.

Saudi Arabia ilifungwa 2-0 na Poland, kisha 2-1 na Mexico, ikaondoka Qatar katika hatua ya makundi. Argentina ikatwaa kombe. Kocha alikuwa yuleyale. Mazungumzo ya mapumziko yanaweza tu kuwarudisha wachezaji kwenye jambo walilokwisha kulifanyia mazoezi. Mabeki wa Saudi waliweza kusimama juu siku ile kwa sababu walijifunza kusimama hivyo kabla ya kufika Lusail. Kwa hiyo kocha anayetaka neno "asigeuke" limsaidie Jumapili, alitumie mazoezini Jumanne, amweke winga mmoja na beki mmoja, na warudie mpaka beki aanze kukimbia kabla hajaambiwa.