NSSF kwa Uliyejiajiri: Usihesabu Hela Tu, Hesabu na Miezi

Unauza madera Wasapu na huna bosi wa kukukatia mchango? NSSF Tanzania inakupokea kama mtu uliyejiajiri. Kima cha chini ni 30,000 kwa mwezi, sawa na buku moja kwa siku.

Ila wengi wanaangalia hela, wanasahau miezi. Ili upate pensheni ya kila mwezi uzeeni, lazima uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15. Ikipungua, unalipwa mkupuo mara moja, basi. Mkupuo unaishia kwenye bati na ada za wajukuu. Pensheni inaingia kila mwezi, humpigii mtoto simu kuomba hela ya unga.

Mfano, dada ana miaka 42. Asiporuka mwezi, anatimiza 180 akiwa na 57. Lakini biashara yake huchangamka Idi na Desemba, kisha Januari hadi Machi inalala. Akiruka miezi hiyo mitatu kila mwaka, akifika 60, umri wa kustaafu, atakuwa na miezi 162. Amekosa 18!

Afanyeje? Faida ya Desemba ikiingia, atenge kwanza 90,000 ya miezi ile mitatu, ndipo aagize mzigo mpya.

Na ukilipa, lipa kwa kumbukumbu namba yako, usimpe mtu keshi mkononi. Kisha angalia taarifa yako ya michango. Mwezi usioonekana pale hauhesabiwi, kwa hiyo tunza risiti na ufuatilie mapema.