Linki Haibonyezeki: Nani Anaweza Kuiweka Instagram, na Aiweke Wapi

Pita kwenye kurasa za wauzaji wa nguo wa Kariakoo kule Instagram, utaliona jambo hili mara kwa mara. Chini ya picha ya gauni zuri, muuzaji ameandika anwani ndefu ya WhatsApp, kisha akaongeza: "Bonyeza hapo kuagiza." Mteja anabonyeza, kimya. Anaishikilia kwa kidole ili ainakili, nayo inagoma. Mwenye hamu kweli ataiandika upya herufi kwa herufi. Wengi wanapita tu, wanakwenda kuangalia gauni la muuzaji mwingine.

Simu ya mteja haina kosa, wala bando halijaisha. Kwa akaunti ya kawaida, anwani inayoandikwa kwenye maelezo ya picha au kwenye maoni hubaki maandishi matupu. Mahali ambapo linki inabonyezeka bila kulipia tangazo ni patatu: kwenye bio, kwenye stori kwa kutumia stika ya linki, na kwenye ujumbe wa inboksi. Muuzaji akishazijua sehemu hizo tatu, kazi iliyobaki ni kumwelekeza mteja kutoka kwenye picha hadi huko.

Kuna imani moja iliyowagharimu watu wengi, nayo ni kwamba linki za stori ni za wenye wafuasi 10,000. Imani hiyo haikutoka hewani. Kwa miaka kadhaa, aliyetaka kuweka linki kwenye stori ilimbidi awe na alama ya uthibitisho au afikishe wafuasi hao 10,000, na watazamaji wake walitelezesha kidole kwenda juu ili kuifungua. Mwishoni mwa Agosti 2021 Instagram iliuondoa utaratibu wa kutelezesha, ikaleta stika ya kubonyeza. Oktoba 2021 ikaifungulia stika hiyo akaunti zote, hata yenye wafuasi 40. Lakini mpaka leo wapo wanaouziwa wafuasi wa bandia kwa ahadi kwamba wakifika elfu kumi "watafunguliwa linki". Ni pesa iliyopotea, kwa sababu mlango wanaouziwa ufunguo wake uko wazi tangu mwaka ule.

Katika tangazo hilohilo la Oktoba 2021 kulikuwa na masharti mawili ambayo wengi hawakuyasikia. Akaunti mpya hazitapata stika ya linki, na vilevile akaunti zinazorudia kueneza chuki, uzushi au mambo mengine yaliyokatazwa. Sababu iliyotolewa ni kuzuia uzushi na ujumbe wa kero, na mimi naona ni sababu ya haki. Tapeli hufungua akaunti asubuhi, akasambaza linki ya zawadi ya uongo mchana, na jioni akaunti imefutwa naye ameshafungua nyingine. Akinyimwa linki katika siku zake za mwanzo, mchezo wake unakuwa mgumu. Anayeumia ni muuzaji mwaminifu aliyefungua ukurasa jana, na kwake tangazo lile halikutaja idadi ya siku za kusubiri.

Utajuaje kama umezuiwa? Anza stori mpya, weka picha, kisha gusa alama ya stika iliyo juu ya skrini. Kati ya stika zitakazotokea, tafuta yenye neno LINK. Kama haipo, kwanza sasisha programu yenyewe, maana toleo la zamani linaweza kukudanganya. Kama bado haipo, ingia kwenye mipangilio, tafuta Account Status, uone kama kuna chapisho lako lililoondolewa au adhabu iliyowekwa. Ukikuta kila kitu ni safi na akaunti yako ni changa, dawa ni kuendelea kuposti kwa utaratibu wa kawaida. Usimpe mtu nywila yako eti "akufungulie stika", kwa sababu huyo anaitaka akaunti yenyewe.

Wakati unasubiri, bio inakutosha kabisa. Zamani ilipokea linki moja tu, na ndiyo maana zikazaliwa huduma kama Linktree ya Australia, iliyoanza mwaka 2016, zinazokusanya linki zako zote kwenye ukurasa mmoja. Tangu Aprili 2023 Instagram yenyewe inakuruhusu kuweka hadi linki tano. Gusa Edit profile, kisha Links, kisha Add external link. Andika anwani na jina lake, halafu uhifadhi. Usiiandike anwani kwenye sehemu ya maelezo ya bio, kwani pale nako itabaki maandishi tu.

Tuseme dada anauza abaya Kariakoo na ana linki tatu: ya WhatsApp, ya ramani ya duka, na ya ukurasa wake wa TikTok. Mtu akifungua ukurasa wake hataziona zote tatu. Ataiona ile ya kwanza, na pembeni yake maneno ya kuonyesha kwamba zipo mbili nyingine. Ni lazima aguse ndipo orodha ifunguke. Kwa hiyo ya kwanza iwe ile inayoleta oda, yaani WhatsApp. Akiitanguliza ya TikTok, amempeleka mteja kwenda kutazama video badala ya kuagiza.

Linki hiyo ya WhatsApp ndiyo inayokosewa zaidi. Wengi huandika namba kama wanavyoitaja mdomoni, na mteja akibonyeza anaambiwa namba si sahihi. Inatakiwa kuanza na namba ya nchi, bila sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi wala vistari. Kwa namba ya Tanzania, mstari wa kwanza hapa umekosewa na wa pili ndio sahihi:

```
https://wa.me/0712XXXXXX
https://wa.me/255712XXXXXX
```

Stika ya linki inapopatikana, dada huyu anaweka anwani hiyohiyo kwenye stori ya abaya mpya, kisha anabadilisha maneno yanayoonekana juu yake yasomeke "Agiza WhatsApp". Kila abaya aipe stori yake. Stika asiibandike chini kabisa ya skrini, ambako sehemu ya kujibu ujumbe hukaa, wala juu kabisa penye jina la akaunti, kwani kidole cha mteja kitagusa kitu kingine.

Stori hutoweka baada ya saa 24, na linki hutoweka nayo, ila akiihifadhi stori hiyo kwenye Highlights, ile miduara iliyo chini ya bio, stika inaendelea kubonyezeka. Nashangaa jinsi wauzaji wachache wanavyoitumia njia hii, wakati inawapa linki nyingi kuliko zile tano za bio bila gharama yoyote. Mduara mmoja wa abaya, mwingine wa mitandio, na kila picha ndani yake ina stika inayoanzisha mazungumzo.

Stika iliyokosewa haisahihishwi baada ya kuposti. Unafuta stori na kuanza upya, na waliokwisha kuiona hawarudi. Kwa hiyo mara tu unapoposti, chukua simu ya ndugu au jirani, fungua ukurasa wako humo, ubonyeze linki yako mwenyewe mpaka uone dirisha la mazungumzo limefunguka.