Buti la Mlinzi wa Zamu Ndefu

Mlinzi wa ghala kando ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, akipokea lindo saa kumi na mbili asubuhi, kwa kawaida hukabidhi saa kumi na mbili jioni. Muda mwingi husimama getini, kisha kila baada ya muda huzunguka uzio. Kampuni nyingi humvisha buti la mtu wa ujenzi, zito, lenye kofia ya chuma vidoleni. Pale panaposhushwa vyuma na mapipa, kofia hiyo ina kazi. Getini haina kazi, ila mlinzi anaibeba hadi jioni.

Buti la namna hiyo hufika kilo moja kwa mguu mmoja, wakati buti jepesi la ngozi na turubai huwa na gramu 700 hivi. Gramu 300 hazionekani kitu ukiwa umeketi. Lakini mlinzi akipiga hatua 10,000 kwa zamu, kila mguu unanyanyuliwa mara 5,000, na ziada hiyo inajumlika kuwa tani moja na nusu kwa kila mguu. Tena mguu hauishii kunyanyuliwa. Unarushwa mbele, unasimamishwa, unarushwa tena. Ndiyo maana vipimo vilivyofanyiwa askari wa majeshi vilionyesha kwamba uzito uliofungwa miguuni huchosha mara nne hadi sita kuliko uzito huohuo ukiwa mgongoni.

Akisimama, uzito unamwacha na joto linachukua zamu. Nyayo zina vinyweleo vya jasho vingi sana, na jasho lisipopata pa kutokea hulainisha ngozi ya mguu. Ngozi iliyolainika huchubuka kwa msuguano mdogo tu, yakaja malengelenge, na fangasi wakajipatia makazi katikati ya vidole. Ngozi halisi hunyonya unyevu na kuutoa nje polepole. Turubai na nailoni iliyofumwa huutoa haraka zaidi. Ngozi bandia huufungia ndani. Ukitaka kuitambua, tazama ukingo uliokatwa, mathalani ndani ya ulimi wa kiatu: ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizoshikana, bandia inaonyesha kitambaa kilichopakwa plastiki juu yake. Kuna pia ngozi halisi iliyopakwa tabaka nene linalong'aa. Hiyo ni ngozi kwa jina, haipumui. Na mkuu wa lindo anayedai buti ling'ae kama kioo ajue kwamba kiwi ikirundikwa kila siku huziba hata ngozi nzuri.

Muuzaji atakusifia buti lenye utando wa ndani unaozuia maji lakini unaopitisha mvuke. Kwenye baridi kavu linafanya kazi vizuri. Mvuke, hata hivyo, hutoka pale tu ambapo ndani kuna unyevu mwingi kuliko nje, na Dar ya mwezi Machi nje kwenyewe kunatoka jasho. Kwa joto la pwani, afadhali buti linalolowa upesi na kukauka upesi.

Kifundo cha mguu kinataka mambo mawili yanayopingana: kishikwe mtu anapotembea kwenye kokoto gizani, kisibanwe anaposimama. Kola ndefu na ngumu isiyo na sponji hukwaruza kano ya nyuma ya kisigino kila hatua, na hapo ndipo wengi huanza kuchechemea. Tafuta kola laini, yenye mkunjo wa kupindika upande wa nyuma. Kamba nazo zina ujanja wake. Kaza vizuri pale mguu unapopinda, ili kisigino kisipande na kushuka, kisha matundu mawili ya juu yaache yalegee unaposimama, uyakaze ukienda doria. Mguu wa mtu aliyesimama muda mrefu huvimba, kwani damu inayorudi juu hutegemea sana misuli ya shavu la mguu kukazana na kulegea. Kunyanyua visigino mara kadhaa pale pale getini husaidia.

Kwa sababu ya uvimbe huo, buti linajaribiwa jioni, na soksi ileile ya kazini. Vidole vichezeke, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Ukinunua mtumba, mashaka yaanzie kwenye soli. Soli nyepesi ya sponji ngumu ya poliyurethani huozeshwa na unyevu hata ikiwa imekaa stoo bila kuvaliwa, na buti linaloonekana jipya huweza kumeguka wiki ya kwanza. Likunje kwa nguvu, ukwaruze ukingo kwa kucha. Likitoa unga au likionyesha nyufa, liache. Lililoshonwa lenye soli ya mpira ni zito kidogo, ila fundi viatu anaweza kulibadilishia soli ikiisha, na visigino vikilika upande mmoja mpelekee mapema, kabla kifundo hakijaanza kulalia upande huo.