Kisa cha Dhahabu kwa Anayesoma kwa Silabi

Mvulana wa miaka 13 katika Gredi ya 6 mjini Kakamega anasoma kwa kiwango cha Gredi ya 2. Somo la leo ni dhahabu ya Kakamega, na kifungu kinaanza hivi:

"Dhahabu iliyogunduliwa Kakamega mwaka 1931 iliwavutia walowezi walioathiriwa na mdororo wa uchumi, hivyo mwaka 1932 sheria iliyolinda ardhi ya Waafrika ikarekebishwa ili ardhi itakayochimbwa itwaliwe bila wenyewe kupewa nyingine."

Mwalimu mwenye haraka ataandika: "Hii ni dhahabu. Dhahabu inang'aa. Watu wanaipenda." Mvulana ataisoma, lakini atajua amepewa ya watoto, na kisa chenyewe kimepotea.

Kinachomlemea si dhahabu, ni vitenzi. "Iliyogunduliwa" ina silabi saba, na ndani yake mna kiambishi cha ngeli, wakati, kirejeshi na kauli ya kutendwa. Anayesoma silabi moja moja hufika mwisho wa neno akiwa amesahau mwanzo wake. Basi tunafungua vitenzi, ukweli tunauacha ulivyo:

"Mwaka 1931, dhahabu ilipatikana Kakamega. Walowezi, yaani Wazungu wenye mashamba nchini, walikuja kuitafuta kwa sababu bei ya mazao yao ilikuwa imeanguka. Ardhi hii ilikuwa ya Waafrika na sheria iliilinda. Lakini mwaka 1932, serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria. Sasa iliweza kuchukua ardhi yenye dhahabu bila kumpa mwenyewe ardhi nyingine. Fidia ikawa pesa tu."

Kifungu kimerefuka, na hilo si kosa. "Walowezi" limebaki kwa kuwa atalikuta kwenye mtihani. Limeongezewa maelezo papo hapo. "Kwa sababu" na "lakini" pia zimewekwa wazi. Wengi huzifuta ili sentensi ziwe fupi, kisha msomaji dhaifu anaachwa akisie mwenyewe jambo lipi lilileta lipi, kazi ambayo ndiyo ngumu kwake kuliko zote.

Sura ya karatasi nayo ina lugha yake. Tumia herufi za ukubwa uleule wa wenzake, kichwa kilekile na picha ileile ya mgodi. Ongeza nafasi kati ya mistari, usiongeze vikatuni. Na tafadhali, usiandike "Gredi ya 2" pembeni; darasa zima litaiona.

Kisha mpime. Asome kwa sauti nawe uhesabu makosa. Akikosea zaidi ya neno moja katika kila kumi, kifungu bado kizito, fungua vitenzi zaidi. Asipokosea kitu, usishangilie kabla ya kumuuliza: kwa nini walowezi walikuja, na sheria mpya ilimnyima nini mwenye shamba? Akijibu la kwanza na kukwama kwenye la pili, kasoro iko katika sentensi ya sheria. Irekebishe hiyo peke yake, nyingine uziache.