Ukitapeliwa kwa Simu, Piga 100 Kabla ya Kulia

Pesa ya utapeli haikai kwa aliyeipokea. Mara nyingi hutolewa kwa wakala au kurushwa namba nyingine ndani ya dakika chache, na mtandao unaweza kuzuia ile tu ambayo bado ipo. Kwa hiyo usipoteze muda kumbembeleza tapeli. Kwa Tanzania, piga 100, umtajie mhudumu namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe, kiasi, saa na namba iliyopokea. Mwombe azuie pesa hiyo na akupe namba ya lalamiko. Kama ulitaja namba ya siri, afunge na akaunti yako. Simu ikipoteza mtandao ghafla, huenda laini imehamishiwa kwa mtu mwingine: azima simu upige, kisha nenda dukani kwao na kitambulisho.

Halafu nenda polisi uchukue RB, na umripoti tapeli TCRA kupitia 15040. Hatua hii ya pili husaidia namba yake kufungiwa, ila haikurudishii pesa. Na akikupigia mtu akijiita mhudumu, akitaka namba ya siri ili "arudishe muamala", huyo ni mwizi wa pili.

Jambo linalosahaulika ni mkopo. Aliyeingia kwenye akaunti yako anaweza kukopa kwa jina lako, na deni hilo hukatwa lenyewe pesa inapoingia. Uliza salio la mikopo yote na upinge usiouchukua kabla mshahara haujapita kwenye laini hiyo.

Sasa mwezi uliobaki. Tuchukue mhudumu wa duka anayelipwa 300,000. Tarehe 9 ametapeliwa 120,000, mkononi ana 95,000, na zimebaki siku 21. Chakula cha nyumbani 3,500 kwa siku ni 73,500, nauli 20,000, LUKU 5,000, kodi 50,000. Jumla 148,500, hivyo pengo ni 53,500.

Nisingeanza kukata nauli, kwa sababu ndiyo inayomfikisha kwenye mshahara. Ningeanza na mwenye nyumba, siku hiyohiyo, nikiwa na RB mkononi: 25,000 sasa, 25,000 zigawanywe miezi miwili. Akipika chakula cha mchana na kubeba kazini, 3,500 inashuka hadi 3,000, naye anaokoa 10,500. Pengo sasa ni 18,000. Kama yumo kwenye mchezo, aombe kubadilishana zamu na mwenzake anayepokea mwezi huu. Ikishindikana, amwombe tajiri 18,000 za mshahara mapema. Mkopo wa simu uwe wa mwisho kabisa, kwa ada zake na makato yasiyosubiri.

Mwezi ujao, ukitoa hizo 18,000 na 12,500 za kodi, ana 269,500. Apange matumizi kwa hiyo, si kwa 300,000.